Shati Jeupe Linapodanganya Rangi ya Picha

Picha ya sikukuu imepigwa sebuleni usiku, chini ya balbu ya njano. Bibi kaketi katikati, wajukuu wamemzunguka, mjomba kasimama nyuma na shati lake jeupe. Pale sebuleni hakuna aliyeona kasoro, kwa kuwa ubongo huuzoea mwanga upesi. Kamera haizoei hivyo, na sasa ukuta na nyuso vina rangi ya chungwa.

Wengi hapo huanza kusukuma rangi huku na huku kwa kukisia, wakaishia na nyuso za kijani. Njia ya uhakika ni kuionyesha programu kitu kisicho na rangi. Kwenye Snapseed au Lightroom, sehemu ya White Balance ina alama ya mrija wa kudondoshea dawa. Ukiuweka mahali, programu husoma viwango vya nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Cheupe au kijivu halisi huwa na viwango vitatu vinavyolingana. Tuseme kwenye mkunjo wa shati la mjomba vinasomeka 210, 180 na 130: nyekundu imezidi, bluu imepungua. Programu huvisawazisha, na marekebisho hayo huenea picha nzima.

Mkunjo umechaguliwa kwa makusudi. Begani, mwanga unapopiga sana, viwango vyote vinaweza kufika 255, na programu ikadhani hakuna cha kurekebisha.

Hata hivyo shati lina ujanja wake. Sabuni nyingi za unga zina kemikali inayonyonya mwanga wa urujuani usioonekana na kuurudisha kama bluu, ndiyo maana nguo hung'aa juani. Ukipima shati hilo kwenye picha ya nje, programu huona bluu ya ziada na kuipunguza kila mahali. Shati litaonekana safi, lakini nyuso zitageuka njano kama za wagonjwa. Chini ya balbu ya zamani hitilafu hiyo ni ndogo, maana balbu hiyo hutoa urujuani kidogo sana.

Kadi ya kijivu haina kemikali hizo. Ile ya kawaida hurudisha asilimia 18 ya mwanga, hivyo si rahisi iungue kwa mwanga kama bega la shati. Bibi aishike karibu na uso, ielekee kunakotoka mwanga, isimeremete. Ipigwe picha moja, kisha iwekwe kando. Baadaye ipime, unakili marekebisho kwenye picha nyingine za mwanga uleule. Mkihamia barazani, ipigwe upya.

Mchana, mwanga wa dirisha ukichanganyika na wa balbu, kadi haitasaidia: shavu moja litakuwa sawa, la pili libaki bluu au njano. Zimeni taa, msogee dirishani, ndipo mpige.