Nafaka, Mafuta na Jina Mara Ishirini

Siku ya kura, kijana wa miaka 18 aitwaye Gale anasimama uwanjani huku jina lake likiwa kwenye vikaratasi 42 ndani ya mtungi wa kioo. Binti wa meya, mwenye miaka 16, ana vitano tu. Wote wawili wamezaliwa wilaya moja na wanatawaliwa na sheria moja. Ukielewa tofauti hiyo ya vikaratasi imetoka wapi, umeshaielewa nchi nzima ya Panem.

Panem ni nchi ya kubuni katika riwaya ya Suzanne Collins, The Hunger Games, yaani Michezo ya Njaa, iliyotoka Marekani mwaka 2008 na kufuatiwa na vitabu vingine viwili, mwaka 2009 na 2010. Iliandikiwa vijana, lakini watu wazima nao waliipokea kwa mikono miwili. Hadithi inatokea katika magofu ya Amerika ya Kaskazini, siku za mbele. Mji mkuu, Kapitoli, unaishi kwa anasa katikati ya wilaya 12 zinazoulisha, kuuvisha na kuupa nishati. Zamani wilaya hizo ziliasi zikashindwa. Adhabu yake ni kwamba kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wa miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja. Kitabu kinaanza mwaka wa 74 wa adhabu hiyo.

Katika nchi hii mtu huzaliwa ndani ya kazi yake. Wilaya ya 4 ni ya uvuvi, ya 11 ni ya kilimo, na ya 12, anakotoka msichana Katniss anayetusimulia, ni ya makaa ya mawe. Hakuna ruhusa ya kuhama, hata kwenda kutembea wilaya ya jirani. Ndani ya Wilaya ya 12 kwenyewe watu wamegawanyika tena. Wachimbaji wanaishi mtaa wa Seam, na wengi wao wana nywele nyeusi na macho ya kijivu. Wenye maduka wanaishi mjini, na wengi wao wana nywele za dhahabu na macho ya buluu. Ni nadra watu wa pande hizo mbili kuoana. Mama yake Katniss, mtoto wa wauza dawa, alimfuata mchimbaji akahamia Seam, na ndiyo maana Katniss ana sura ya baba huku mdogo wake Prim akiwa na sura ya mjini. Nyumba moja inabeba matabaka mawili.

Sasa tuje kwenye chakula. Kila mtoto jina lake linaingia kwenye kura mara moja akiwa na miaka 12, mara mbili akiwa na 13, na kuendelea hivyo hadi mara saba akiwa na 18. Hadi hapo wote wako sawa. Ila mtoto wa maskini anaweza kujiongezea jina ili apate kinachoitwa tesera, mgao mdogo wa nafaka na mafuta wa kumtosheleza mtu mmoja kwa mwaka, tena kwa kujibana. Anaweza kuchukua tesera moja kwa kila mtu wa nyumbani kwao, na kila tesera ni kikaratasi kimoja zaidi. Vikaratasi hivyo havifutwi mwaka ukiisha, bali vinalimbikizana.

Katniss alifiwa na baba yake katika mlipuko wa mgodi akiwa na miaka 11. Alipotimiza 12 alijiandikisha kuchukua tesera tatu: yake, ya mama na ya Prim. Ukijumlisha na kikaratasi cha lazima, mwaka huo alikuwa na vinne. Amerudia hivyo kila mwaka, na sasa ana miaka 16. Vinne mara miaka mitano ni 20. Kwa Gale nyumbani wako watano, hivyo ana vikaratasi sita kwa mwaka kwa miaka saba, jumla 42.

Ubaya wa mpango huu haupo kwenye kipimo cha nafaka peke yake. Hakuna askari anayemlazimisha mtoto kuchukua tesera. Anakwenda mwenyewe kwa sababu ndugu zake wana njaa, na jina lake likitoka serikali inaweza kusema alitia sahihi kwa hiari. Zaidi ya hayo, mgao unageuza majirani kuwa maadui. Gale anamkasirikia binti wa meya, ilhali binti huyo hakuitunga sheria. Moyoni anajua kwamba hasira hiyo inainufaisha Kapitoli, kwa kuwa mchimbaji anayemchukia mwenye duka hana nafasi ya kumwangalia aliyewagawa wote wawili. Hata hivyo hawezi kuizuia.

Katniss hakumruhusu Prim achukue tesera hata moja. Prim ana kikaratasi kimoja tu kati ya maelfu, na ndicho kinachotolewa. Wingi wa vikaratasi huongeza hatari, lakini uchache wake haumhakikishii mtu usalama. Dada mkubwa anajitolea kwenda badala yake, na hadithi inaanza.

Nguzo ya tatu ni upelelezi. Msomaji mgeni anaweza kutegemea kamera kila kona, lakini Wilaya ya 12 mwanzoni haiko hivyo. Uzio wa umeme unaoizunguka kwa kawaida hauna umeme. Katniss na Gale hupenya wakawinda msituni, kosa lenye adhabu kali kabisa, na Walinda Amani wanaopaswa kuwakamata ni miongoni mwa wanunuzi wa nyama hiyo. Kinachofanya kazi bila kukatika ni hofu. Tangu utotoni Katniss amejifunza kufunga mdomo na kuuficha uso wake, na hata nyumbani anakwepa maneno ya hatari, asije Prim akayarudia mbele za watu.

Hofu hiyo ina historia. Wakati wa uasi, Kapitoli ilitengeneza ndege waitwao jabajei, madume watupu, waliokariri mazungumzo ya watu na kwenda kuyarudia kwa watawala. Waasi walipogundua wakaanza kuwalisha uongo. Kapitoli ikawatelekeza porini wafe, lakini wakazaa na ndege wa kawaida, na kizazi chao, mokinjei, kikabaki kuwa aibu ya dola.

Lengo kubwa la upelelezi linaonekana uwanjani, Katniss anapokutana na Rue, binti wa miaka 12 wa Wilaya ya 11. Katniss alidhani watu wa wilaya ya kilimo wanashiba. Rue anamweleza kwamba anayekula mazao wanayovuna anachapwa viboko hadharani. Hapo Katniss anajiuliza kama watazamaji wanaruhusiwa kuwasikia, kwa kuwa Kapitoli haipendi wilaya zijuane. Mchimbaji asiyejua kwamba mkulima naye ana njaa atadhani shida ni yake peke yake.

Kwa hiyo, msomaji unayeanza kitabu hiki leo, kifuate chakula kuliko unavyozifuata silaha. Angalia nani anampa nani, na kwa malipo gani. Utafika mahali ambapo watu wa Wilaya ya 11, wenye njaa yao wenyewe, wanamtumia Katniss mkate, ilhali yeye si mtoto wao. Kwangu mimi, uasi wa Panem unaanza na mkate huo, kabla ya mtu yeyote kushika bunduki.