Duara la kilomita tatu

Kusponsa posti ni rahisi kuliko kukaanga yai. Kitufe cha Boost post kipo chini ya picha. Unabonyeza, unaweka pesa, unalala. Asubuhi unakuta laiki mia mbili. Kisha unaingia kwenye majina ya waliokupenda na kukuta huyu yuko Mbeya, yule Mtwara, na mwingine ni mwenye saluni kama wewe anayechungulia bei. Kiti kinabaki kitupu, na mwenye fremu anataka kodi yake.

Pesa yenyewe haikuibiwa. Mtandao ulifanya kile ulichoambiwa, yaani kutafuta watu wanaopenda kubonyeza. Tabu ya tangazo dogo huanza pale mtu anapoamua kiasi cha pesa kabla hajajua anamtafuta nani na mteja huyo atamwachia nini.

Tuchukue mfano wa duka la urembo lenye fremu moja Sinza, Dar es Salaam. Mbele vinauzwa vipodozi, nyuma kuna meza ya kucha yenye fundi mmoja. Jumamosi watu wanapanga foleni, lakini Jumatatu hadi Alhamisi fundi ana nafasi mbili kila siku ambazo hazipati mtu. Hizo ndizo bidhaa za kutangaza. Jumamosi haihitaji tangazo, kwa sababu tangazo la siku hiyo linaleta watu wa kuwakatalia.

Kucha za jeli dukani hapo ni shilingi 25,000. Vifaa vinakula 6,000 na fundi anachukua 9,000, hivyo duka linabaki na 10,000 kabla ya umeme na kodi. Elfu kumi hiyo ndiyo dari. Mwenye duka akikubali kutopata chochote kwa mteja mpya siku ya kwanza, akitegemea atarudi kucha zikishaota baada ya wiki tatu hivi, anaweza kutumia hadi 10,000 kumpata mtu mmoja. Katika wiki mbili ana nafasi tupu 16. Akilenga kujaza nusu yake, watu wanane, bajeti yake haipaswi kuzidi 80,000, na kodi ya VAT iwe ndani yake. Kwa asilimia 18 ya Tanzania, maana yake ni kuweka kama 67,000 kwenye tangazo lenyewe. Kodi inaongeza 12,060 na jumla inakuwa 79,060. Akaunti yako ikihesabu kwa dola, geuza kwa kiwango ambacho kadi yako inakatwa, si kile ulichosikia kwenye redio.

Wenye aifoni wana jambo moja zaidi la kuangalia. Tangu 2024, ukisponsa posti ukiwa ndani ya programu ya Facebook au Instagram kwenye simu hiyo, Apple inaongeza ada ya asilimia 30. Ukifungua tovuti ya Instagram au Facebook kwenye kivinjari na kulipia huko, ada hiyo haipo. Kwa bajeti ya 67,000, tofauti ni zaidi ya 20,000, bei ya karibu mteja mzima.

Sasa tuje kwenye mahali, maana hapo ndipo bajeti ndogo inaponea au kufa. Ndani ya Ads Manager, kwenye sehemu ya Locations, usiandike “Dar es Salaam”. Weka pini juu ya duka lako, kisha punguza duara linalozunguka pini hiyo. Wengi huacha kilomita 10 au zaidi wakidhani wanajiongezea bahati. Duara la kilomita 3 lina eneo la kilomita za mraba 28 hivi. La kilomita 10 lina 314. Umbali umeongezeka mara tatu na kidogo, lakini eneo ni mara kumi na moja, na elfu 67 ni ileile. Kutoka Sinza, duara kubwa linakupeleka Kimara, Tabata, hadi Posta. Mtu wa Kimara anaweza kuipenda picha yako kwa dhati, lakini hatapanda daladala na kukaa foleni ya magari kwa ajili ya kucha anazoweza kubandikiwa mtaani kwao.

Duara la kilomita 3 linagusa Mwenge, Kijitonyama, Ubungo na Manzese. Nalo lina ujinga wake, kwa kuwa halijui barabara wala bonde. Watu wawili wanaweza kuwa umbali sawa kutoka dukani kwako, mmoja akaja kwa bajaji moja na mwenzake akalazimika kuvuka Barabara ya Morogoro na kuunganisha magari mawili. Mwenye duka la pwani, tuseme Masaki, sehemu ya duara lake itakuwa baharini kabisa. Dawa yake ni pini ya pili ambayo, badala ya kuongeza eneo, unaiwekea alama ya kuondoa, Exclude, juu ya upande usiokuletea watu. Lakini usikimbilie kuondoa siku ya kwanza kwa kukisia. Ngoja uone.

Na usiende kilomita 1 ukidhani ndiyo ujanja. Duara likibana sana, watu wanaofikika ni wachache, wanaonyeshwa tangazo lilelile hadi wanalichoka, na gharama ya kila ujumbe inapanda. Namba ya kuitazama inaitwa Frequency, wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona tangazo. Ikifika 4 ndani ya wiki mbili huku ujumbe unapungua, badilisha picha au panua duara kidogo.

Ukishabana mahali, legeza mengine. Umri na jinsia unavyoandika, kwa mipangilio ya siku hizi, mtandao mara nyingi huvichukua kama pendekezo, lakini mahali huheshimiwa kama mpaka. Kuongeza juu yake “wanaopenda urembo, wanaopenda kucha, wanaopenda mitindo” ni kuchuja maji yaliyokwisha kuchujwa. Watu wa Sinza na Mwenge tayari ni wachache. Uache mtandao uwatafute wenyewe kati ya hao.

Lengo la tangazo liwe ujumbe wa WhatsApp. Kwenye Ads Manager unachagua Engagement, kisha unaelekeza watu WhatsApp, ili anayebonyeza aangukie moja kwa moja kwenye mazungumzo na namba yako ya biashara. Mazungumzo hayo huja na kijipicha cha tangazo juu yake, kwa hiyo unajua huyu ametoka wapi bila kumuuliza.

Kwa duka letu, bajeti iwekwe kama Lifetime budget, yaani jumla ya kampeni nzima, kwa sababu aina hiyo inakuruhusu kuchagua siku na saa. Tangazo litembee Jumapili hadi Jumatano, likiwinda watu wa Jumatatu hadi Alhamisi. Kwa wiki mbili hizo ni siku nane, kama 8,400 kwa siku. Saa ziwe kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 3 usiku, ambazo kwenye skrini ni 11:00 hadi 21:00, wakati kuna mtu wa kujibu. Ujumbe uliojibiwa kesho yake ni pesa iliyomwagika, maana aliyeuliza ameshapata jibu kwingine. Hakikisha pia akaunti ilifunguliwa kwa saa za Afrika Mashariki, la sivyo ratiba yako itakuwa ya nchi nyingine.

Kuhusu tangazo lenyewe nitasema kidogo. Video ya mkono halisi uliotengenezwa mezani kwako, bei yake, na mahali: Sinza, kituo gani, jirani na nini. Usiandike “Una kucha mbaya?” au “Chunusi zinakusumbua?” Kanuni za Meta zinakataa tangazo linalomnyooshea mtu kidole kuhusu hali yake, na picha za kabla na baada zenye matokeo ya miujiza nazo hurudishwa.

Likishaanza, kazi ngumu ni kutoligusa. Mfumo hujifunza nani anajibu, na huhitaji kama matokeo 50 ndani ya siku saba ili utulie. Duka letu halitafika huko kwa pesa hii, na skrini itaandika Learning limited. Si msiba. Msiba ni kugawa 67,000 katika matangazo manne yanayoshindana, au kubadili duara kila asubuhi, kwa kuwa badiliko kubwa linaurudisha mfumo darasa la kwanza.

Tuseme wiki mbili zimeisha. Zimeingia jumbe 40. Skrini inasema kila mmoja umegharimu 1,675, lakini skrini haikuhesabu kodi; kwa pesa iliyotoka mfukoni ni karibu 1,980. Kati ya hao 40, watu 22 waliandika “Bei?” wakajibiwa, wakanyamaza. Waliobaki 18 walizungumza, 11 wakapanga siku, na 7 wakafika. Saba mara elfu kumi ni 70,000. Duka limepungukiwa 9,060.

Ukiishia hapo utasema matangazo hayalipi. Fuata maji yanapovujia. Wale 22 walionyamaza baada ya kusikia bei wanakuambia kuwa bei haikuonekana kwenye video, au ilionekana kwa maandishi madogo mwishoni. Ukiiweka mwanzoni, jumbe zitapungua na kila mmoja utaonekana ghali zaidi kwenye skrini, lakini waliobaki watakuwa wamekuja wakijua. Usiogope namba hiyo ikipanda. Wanne waliopanga wasifike wanadai kitu kingine: waombe 5,000 ya kushika nafasi kwa simu, ikatwe kwenye bei siku ya kuja.

Halafu kuna swali la mtaa. Katika majibu ya kwanza kwenye WhatsApp, baada ya salamu, dada wa mapokezi aulize, “Unatokea wapi, dada, nikuelekeze?” Ni ukarimu, na papo hapo ni utafiti. Watu saba waliofika ni wachache mno kukuonyesha ramani, ila majibu ya wale wote walioandika yanatosha kukupa picha. Ikiwa wengi wanatokea Kijitonyama na Mwenge, na walioandika kutoka Manzese hawakufika hata mmoja, hapo sasa pini ya kuondoa ina kazi. Unaweza pia kuisogeza pini kuu kidogo upande wa Kijitonyama. Hakuna kanuni inayosema katikati ya duara lazima kuwe na mlango wako.

Kampeni ya pili ianze baada ya kuwangoja wale saba kwa wiki tatu. Wakirudi watatu, duka limepata 30,000 bila kulipa tangazo, na ile hasara ya 9,060 imegeuka faida ya 20,940. Asiporudi hata mmoja, usiongeze bajeti na usiguse duara. Kaa mezani umtazame fundi anavyofanya kazi.