Mang'ula Mmoja, Mistari Minne

Wiki hii swali limenifikia tena, kwa maneno yaleyale: "Mtaalamu, wateja wamejirudia kwenye orodha yetu. Nimebonyeza Remove Duplicates ya Excel na bado wapo. Nibonyeze wapi kwingine?" Usibonyeze popote. Afadhali kitufe hicho hakikupata cha kufuta, kwa sababu kingekipata ungekuwa unaniuliza swali baya zaidi: madeni yamekwenda wapi.

Aliyeuliza mara hii anauza vifaa vya ujenzi kwa jumla na huwakopesha wenye maduka hadi shilingi 3,000,000 kila mmoja. Katika orodha yake mlikuwa na mistari hii minne (jina nimelibadilisha):

```
DUKA LA MANG'ULA
Duka la Mang’ula 
Duka  la Mangula
Duka-la-Mang'ula.
```

Mstari wa pili una ritifaa iliyopinda, ile inayowekwa na simu au Word yenyewe, na mwishoni una nafasi isiyoonekana. Wa tatu una nafasi mbili katikati na hauna ritifaa kabisa. Wa nne una vistari na nukta. Jicho linasoma duka moja. Excel inasoma maandishi manne tofauti, na kila mstari ulikuwa na kikomo chake cha mkopo.

Imani kwamba kitufe kile kinatambua wateja inatokana na jaribio dogo ambalo kila mtu hulifanya. Anaandika JUMA, anaandika juma chini yake, anabonyeza, na mmoja anaondoka. Anaridhika. Ni kweli, Remove Duplicates haijali herufi kubwa na ndogo. Lakini inajali nafasi, ritifaa, nukta na kistari, na humo ndimo makosa ya makarani yalimojaa. Kwa hiyo inakosa wale uliowatafuta.

Wale inaowapata ndio wanaonitia hofu. Ukiweka alama kwenye kolamu ya jina peke yake, Juma Ali Hamad wawili, watu mbalimbali wenye majina sawa ya baba na babu, wanahesabiwa kuwa mmoja. Excel inabakiza mstari wa kwanza na kufuta wa pili pamoja na simu yake, anwani yake na deni lake. Haikuulizi yupi abaki. Na ukiwa umeteua kolamu moja tu kisha ukakataa kupanua uteuzi, hali ni mbaya zaidi: majina yaliyobaki yanapanda juu kujaza mapengo, ilhali simu na madeni vinabaki palepale. Kuanzia pengo la kwanza kwenda chini, kila mtu ana deni la jirani yake. Nimewahi kuletewa faili la namna hiyo likiwa limeshahifadhiwa na kufungwa, bila nakala. Halikurekebishika.

Kuna dawa nyingine ya kienyeji: "Safisha majina kwanza kwa TRIM na PROPER." TRIM huondoa nafasi za kawaida za pembeni na kupunguza zile za katikati ziwe moja moja, lakini haiigusi nafasi yenye namba 160, ambayo huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. PROPER nayo hukuza herufi yoyote inayofuata alama isiyo herufi. Ipe MANG'ULA, itakurudishia Mang'Ula. Umeharibu jina la mtu, na ndilo litakalochapwa kwenye ankara yake.

Jina aliloandika karani liache kama lilivyo. Kando yake fungua kolamu mpya ya ufunguo wa kulinganisha: jina lilelile likiwa kwa herufi ndogo, bila nafasi wala alama yoyote. Ufunguo hauchapwi popote na mteja hauoni. Kazi yake ni kuwakusanya wanaofanana. Mistari yetu minne yote inatoa ufunguo mmoja, dukalamangula, na ukihesabu funguo unaona mara moja kwamba huu umetokea mara nne.

Sasa tahadhari ambayo msomaji wa Kiswahili anapaswa kuielewa upesi kuliko mwingine yeyote. Kwetu ritifaa si pambo. Kung'oa ni kuchomoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu. Mang'ula na Mangula ni majina mawili. Ufunguo unayaunganisha, nasi tunataka uyaunganishe, kwa sababu makarani huiacha ritifaa kila siku. Lakini kwa sababu hiyohiyo ufunguo unaofanana ni shaka tu, hauthibitishi kwamba mtu ni mmoja. Uthibitisho utafute kwenye kitu kingine, na kilicho karibu ni simu. Nayo itengenezee ufunguo: ondoa kila kisicho tarakimu, kisha chukua tarakimu tisa za mwisho, ili inayoanza na 0 na inayoanza na +255 zikutane. Jina na simu vikikubaliana, unganisha. Jina likikubali na simu ikakataa, mpigie mteja.

Fomula zenyewe ni fupi. Kwenye Google Sheets, au Excel ya Microsoft 365 iliyosasishwa, jina likiwa B2 na simu D2:

```
=REGEXREPLACE(LOWER(B2&""),"[^a-z0-9]","")
=RIGHT(REGEXREPLACE(D2&"","[^0-9]",""),9)
```

Ufunguo wa jina ukiwa kolamu C, hesabu kwa `=COUNTIF(C:C,C2)` na uchuje vinavyozidi 1. Excel ya zamani haina REGEXREPLACE, hivyo pandanisha SUBSTITUTE, moja kwa kila alama, na usisahau `UNICHAR(160)` ya ile nafasi wala `UNICHAR(8217)` ya ritifaa iliyopinda. Kwenye PostgreSQL:

```
SELECT regexp_replace(lower(jina), '[^a-z0-9]', '', 'g') AS ufunguo,
       count(*)
FROM wateja
GROUP BY 1
HAVING count(*) > 1;
```

Alama ya & ibadilishe iwe "na" kabla ya kufuta alama, la sivyo Juma & Wanawe hatakutana na Juma na Wanawe. Mwenye wateja wa Kongo abadilishe é kuwa e kwanza, maana André atageuka andr. Ukiona kundi kubwa lenye ufunguo mtupu, hao ni wateja walioandikwa kwa nukta, kwa kistari au kwa herufi za Kiarabu, watoe kando. Hassan na Hasan ufunguo huu hauwakutanishi, na usijaribu kuulegeza hadi uwakutanishe. Hiyo ni kazi nyingine. Usiuwekee sharti la kutojirudia kwenye hifadhidata, kwa sababu wenye majina sawa wapo kihalali. Na unapounganisha, usifute: ongeza kolamu ya namba ya mteja mkuu, hamishia ankara kwake, na mstari wa zamani uuwekee alama kwamba hautumiki.

Yule muuza vifaa tulimfanyia hivyo. Mstari wa kwanza, wa pili na wa nne ilikuwa na simu moja: mtu mmoja aliyekuwa na nafasi ya kukopa shilingi 9,000,000 badala ya 3,000,000. Mstari wa tatu, ule usio na ritifaa, simu yake ilikuwa nyingine. Tulipopiga alipokea mama mmoja, akatutajia jina lake taratibu ili tusikosee tena: Mangula, bila ritifaa, na duka lake liko mji mwingine.