Swali la Mwisho Kwenye Kaunta ya Dawa

Mama ana mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu anayeharisha tangu jana. Anaingia duka la dawa, mtoa dawa anampa pakiti za ORS na vidonge kumi vya zinki, anamweleza matumizi yake, kisha anauliza: "Umeelewa, mama?" Mama anajibu, "Ndiyo, dada." Analipa, anaondoka.

Kila alichosema mtoa dawa kilikuwa sahihi. Pakiti moja huchanganywa na lita moja ya maji safi. Zinki ni kidonge kimoja kwa siku, siku kumi mfululizo. Tatizo ni kwamba mpaka mama anatoka mlangoni, hakuna aliyejua kama maelezo hayo yamefika, wala kama ndiyo aliyoyafuata.

Ile "ndiyo" haimwambii mtoa dawa chochote. Nyuma ya mama kuna watu wanaosubiri. Akisema hajaelewa, ataonekana mbele yao kuwa mzito wa kusikia, na huenda akahisi kama anamwambia mtaalamu kwamba hakueleza vizuri. Kwa mtu mwenye adabu, jibu la heshima ni "ndiyo" na kushukuru. Swali lenyewe ndilo lililomfungia njia.

Makosa yanayofuata yanajulikana. Akiichanganya pakiti ya lita moja kwenye kikombe, chumvi inakuwa nyingi kupita kiasi, na maji hayo yanaweza kumdhuru mtoto. Akiiweka kwenye maji mengi mno, haifanyi kazi ipasavyo. Na kuharisha kukikoma siku ya tatu, zinki huachwa, ingawa siku zilizobaki zina kazi ya kumkinga mtoto asiugue tena miezi inayofuata.

Wahudumu wa afya wana mbinu ya kugundua makosa haya kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Badala ya kuuliza kama ameelewa, wanamwomba aeleze kwa maneno yake atakavyofanya, na wanaanza kwa kujitwisha wenyewe mzigo. Tuseme mtoa dawa wetu angefanya hivyo:

"Mama, nimekwambia mengi kwa mara moja, na huenda kuna nilichokiruka. Hebu nisaidie nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, hii pakiti utaichanganyaje?"

"Nina ile chupa kubwa ya maji. Naijaza, namwaga pakiti yote, natikisa."

"Pakiti yote, sawa kabisa. Hapo kwenye maji sikuwa wazi. Nilisema lita moja bila kukuonyesha kipimo. Chupa ile kubwa mara nyingi ni lita moja na nusu. Unayo ile ndogo ya nusu lita?"

"Ipo."

"Basi pima mbili za hiyo, umimine kwenye jagi safi. Halafu mtoto utampaje?"

"Asubuhi, mchana na jioni, kama dawa nyingine."

Hili la pili lisingegunduliwa kwa njia nyingine. Mama ameyahesabu maji hayo kama dawa ya kutwa mara tatu, kwa sababu karibu kila dawa aliyowahi kununua dukani imeandikwa hivyo. ORS hurudisha maji na chumvi zinazotoka kila mtoto anapoharisha, kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa kati ya robo na nusu kikombe kila baada ya choo cha majimaji. Yaliyobaki baada ya saa 24 yanamwagwa, inachanganywa pakiti nyingine.

Angalia jinsi marekebisho yalivyofanywa. Mtoa dawa alianza na kile ambacho mama amekipata. Kisha kosa akaliweka kwenye maelezo yake: "sikuwa wazi", "sikukuonyesha". Hakusema "hapana, si nimekwambia lita moja?" Hakuyarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi, maana yameshashindwa mara moja, alibadili njia, akatumia chupa ambayo mama anayo nyumbani. Akimaliza jambo la pili atauliza tena kwa upole ule ule, mpaka jibu linalotoka kwa mama liwe ndilo analopaswa kulitenda.

Na hayo si maneno ya kumpamba mteja. Ni ukweli: "lita moja" bila chombo cha kupimia ni maelezo nusu, na aliyeyatoa ndiye mwenye wajibu wa kuyakamilisha.

Linabaki swali moja. Mtu anaweza kuelewa kila kitu na bado akawa hajajibiwa alichokijia. "Una swali?" hujibiwa "sina" kwa urahisi ule ule wa "ndiyo". Ni afadhali kuuliza: "Kabla hujaondoka, kuna jambo lililokuleta ambalo bado sijaligusa? Wengi huniuliza kuhusu kutapika." Kwa kutaja wengi, mtoa dawa amemwonyesha mama kwamba kuuliza ni kawaida.

"Ndilo hilo hasa, dada. Kila nikimpa maji anayarudisha."

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake tangu mwanzo. Sasa anaweza kuambiwa la kufanya: asubiri dakika kumi, kisha aanze tena kwa kijiko, kidogo kidogo. Mtoto akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, akilegea, macho yakizama au choo kikiwa na damu, aende kituo cha afya mara moja bila kusubiri pakiti iishe.

Watu wa kaunta husema hawana muda. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanywa San Francisco, Marekani, kwa kusikiliza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao wa kisukari. Madaktari walihakiki kama mgonjwa amelishika jambo jipya kwa asilimia 12 tu ya mambo mapya waliyoyaeleza. Wagonjwa waliohakikiwa walielekea kuwa na sukari iliyodhibitiwa vizuri zaidi, na mazungumzo yao hayakuwa marefu kuliko ya wengine.

Mbinu hii ina mipaka yake. Ikitumika kwa kila sentensi, inageuka mtihani, na mama atajiona yuko darasani. Chagua mambo mawili au matatu ambayo yakikosewa yanaleta madhara. Mtu anayerudisha maneno yako neno kwa neno bado hajathibitisha kitu. Mwombe akuonyeshe kwa chupa mkononi. Na uliza kwa sauti ya watu wawili, si ya duka zima.

Mteja naye asisubiri kuulizwa. Ukiwa kwenye kaunta, sema: "Ngoja nirudie nilivyosikia, unirekebishe." Taja kipimo, mara ngapi na siku ngapi, na kama shida iliyokupeleka haijaguswa, itaje papo hapo. Wewe mtoa dawa, unayeuza ORS kila siku hata maelezo yakakutoka bila kuyafikiria, usimwache mama aondoke na "ndiyo" peke yake. Mwombe akwambie atakavyochanganya, na akikosea, anza kurekebisha kwenye maelezo yako.