Mgahawa unapohama

Tuseme mgahawa wa Kariakoo umezidiwa: viti vichache, wateja wanakunywa chai wamesimama. Mwenyewe amepata ukumbi mpana na anataka kutangaza. Kinachoharibu matangazo mengi ni anwani. Tangu operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, majengo mengi yana namba, lakini bodaboda bado huuliza, "Karibu na nini?" Basi andika vyote viwili:

"Tunahamia Mtaa wa Swahili, namba ya jengo iko mlangoni, mkabala na duka la vitenge. Tunafungua Jumamosi, 5 Septemba 2026, saa 12 asubuhi. Ahsanteni mliokunywa chai mmesimama. Sasa viti vipo."

Shukrani hiyo inamgusa mteja kwa sababu inataja alichovumilia. "Wateja wetu wapendwa" kila mtu anaandika.

Tarehe usiichapishe kabla luku haijawaka, maji hayajatoka na leseni haijabadilishwa kufuata eneo jipya. Mteja akikuta mlango umefungwa, atakunywa chai kwa jirani, na huenda akabaki hukohuko. Nakala moja ya tangazo ibandikwe kwenye mlango wa zamani, na ikae hapo hata baada ya ufunguzi.