Babu Abaki, Beseni Liondoke

Picha ilipigwa uani, Tanga, mwaka 2015. Mtoto wa kike wa miaka 3 amekaa ndani ya beseni la bluu, hana nguo, povu limemfika tumboni, anacheka. Nyuma yake babu yake yuko kwenye kigoda, kikombe cha kahawa mkononi. Babu alifariki mwaka huohuo.

Mtoto sasa yuko kidato cha pili. Kila siku yake ya kuzaliwa, shangazi yake aliyeko Maskati huirusha tena picha ile kwenye grupu la ukoo, lenye watu 41. Safari ya mwisho binti alimwambia mama yake kwamba anataka iondolewe. Mama akamwandikia admini, ambaye ni shemeji yake. Admini akajibu kwamba hiyo ndiyo picha ya mwisho ya mzee na hawezi kuifuta ukoo haujakubali. Akaitisha kura. Grupu likachafuka siku tatu.

Mimi niliitwa kwa sababu nimefanya kazi masjala miaka mingi, na watu hudhani anayetunza majalada anajua pia kuyafuta. Kwa hili hawakukosea sana. Masjala ya serikali karani hachomi jalada kwa uamuzi wake. Chini ya sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, Tanzania, kibali cha kuteketeza hutoka kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Lakini kulitoa jalada kwenye makabati ya kila siku na kulihifadhi mahali pasipoingia kila mtu ni jambo jepesi, na hufanyika mara kwa mara. Kuondoa ni kitu kimoja, kuteketeza ni kingine. Ugomvi wa grupu lile ulitokana na kuviita vyote viwili "kufuta".

Ukivitenganisha, swali la nani akubali linagawanyika. Kuiondoa picha mbele ya macho ya watu, linatosha neno la mtu mmoja: mtoto mwenyewe kama ameshakuwa na akili ya kusema, au mzazi kama bado mdogo. Hapo kura haina nafasi. Wapiga kura walikuwa 41, aliyekaa ndani ya beseni ni mmoja. Wazazi wakipingana, mmoja anataka ibaki na mwingine iondoke, mimi huwa upande wa anayetaka iondoke, kwa sababu picha iliyohifadhiwa inaweza kurudishwa kesho, ila iliyosambaa haikusanyiki. Kuteketeza nakala ya mwisho ndiko kunakohitaji wengi: aliyepiga, wazazi, na yeyote ambaye picha hiyo ni kumbukumbu yake pia. Kwa picha hii, bibi.

Watu huuliza sheria inasemaje. Ndani ya familia husema kidogo. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, lakini hiyohiyo inaziacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani. Mpaka ulionekana vizuri Uholanzi mwaka 2020, mahakama ilipomwamuru bibi mmoja aondoe picha za wajukuu wake alizoweka Facebook na Pinterest bila ridhaa ya mama yao, la sivyo alipe yuro 50 kwa kila siku ya kuchelewa. Hoja ilikuwa kwamba huko picha zinaweza kuwa zimefika kwa watu wasiojulikana, kwa hiyo si mambo ya nyumbani tena. Grupu la ukoo liko kabla ya mpaka huo, na ndiyo maana lazima watu wapatane wenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kupatana, nayo ni ya kiufundi. Watu wengi hudhani admini ana ufunguo. Kwenye WhatsApp kitufe cha `Delete for everyone` hufanya kazi siku mbili na kidogo tu baada ya ujumbe kutumwa, hata kwa admini. Baada ya hapo kila mtu anaweza kufuta kwenye simu yake tu. Picha ya mwaka 2015 iko kwenye simu za watu, kila simu na nakala yake, na hakuna wa kuibonyeza mara moja ikatoweka kote. Admini wetu alikuwa anapigania mamlaka ambayo hakuwa nayo.

Basi tukaanza na kutafuta nakala nzuri, kabla mtu yeyote hajafuta. Simu iliyopiga ilishakufa. Nakala ya shangazi ilikuwa na kilobaiti 38 na juu yake umebaki mstari wa saa na betri, dalili kwamba alipiga picha ya skrini. Ya mama ilikuwa na kilobaiti 140, safi. Tuliihamisha ikiwa dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha WhatsApp huibana tena.

Kisha tukakaa na bibi. Alikuwa hajaulizwa na mtu siku zote tatu, wala binti hakuwa ameulizwa zaidi ya lile neno la kwanza.

"Mjukuu wangu, na babu yako je?"

"Babu abaki, bibi. Beseni ndilo liondoke."

Ikawa hivyo. Picha ikakatwa kuanzia magoti ya mzee kwenda juu, ikasafishwa studio kwa karatasi, akapewa bibi. Nakala nzima moja ikawekwa kwenye memori kadi kwa mama, hadi binti afikishe miaka 18 aamue mwenyewe. Hapa angalizo: simu nyingi zikikata picha huitunza ile nzima chini kwa chini, na mtu akibonyeza kurudisha inarudi. Kilichokatwa kihifadhiwe kama faili jipya, ndipo cha zamani kifutwe.

Kazi ya simu 41 ndiyo iliyochukua muda. Kila mmoja alielekezwa aingie Settings, Storage and data, Manage storage, achague grupu, afute picha hiyo kila inapoonekana. Ilikuwa imerushwa mara sita, na anayefuta moja hudhani amemaliza. Halafu afungue galari, maana ujumbe unaweza kufutika na picha ikabaki humo. Baada ya wiki mbili watu 29 walikuwa wamethibitisha. Binamu mmoja alifuta vizuri, akabadili simu, picha ikarudi na vitu vyake vyote: bekapu yake ilikuwa ya kabla hajafuta. Tangu hapo tunamwambia kila mtu afanye bekapu mpya siku hiyohiyo. Waliobaki hawakujibu, na hakuna wa kuwalazimisha.

Shangazi alituma sauti kwa mama. "Wifi, mimi nilikuwa nafurahi tu. Sikujua mtoto naye yumo kwenye grupu." Alikuwamo tangu mwaka juzi.

Siku ya kuzaliwa iliyofuata shangazi alirusha ile iliyokatwa, babu na kikombe chake. Kwenye kona ya chini, ukitazama sana, umebaki ukingo mwembamba wa bluu. Admini aliuona, akauliza kama arudie kukata. Binti akasema auache.