Paja Limevimba, Mtoto Analia: Tazama Saa

Mtoto anayepelekwa kituo cha afya Buyenzi, Kamenge au Kanyosha akiwa na wiki 6, 10 au 14 hurudi nyumbani amedungwa mapajani. Sindano inayosumbua zaidi ni pentavalenti, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib. Mama wengi huuliza: homa hii ni ya chanjo au ni ugonjwa? Jibu mara nyingi liko kwenye saa, yaani muda uliopita tangu sindano hadi dalili ianze, na muda inaodumu.

Pentavalenti inayotolewa Burundi ina kijidudu kizima cha kifaduro, kilichouawa. Ngozi ya kijidudu hicho ina kemikali ambazo kinga ya mwili huzitambua kama adui hata kama mwenyewe amekufa, na hapo joto hupanda. Ndugu zetu walioko Ubelgiji husimulia kwamba watoto wao hawakupata homa hivyo. Ni kweli, kwa sababu kule hutumia vipande vichache tu vya kijidudu. Homa hupungua, lakini kinga ya chanjo hiyo dhidi ya kifaduro nayo huisha mapema zaidi.

Tuchukue mtoto wa wiki 10, mwenye kilo 5, aliyedungwa Jumatano saa tatu asubuhi. Saa nane mchana paja ni jekundu, limevimba kidogo, na akiguswa hulia. Jioni joto la kwapani ni 38.3. Usiku anashtuka-shtuka, ananyonya kidogo kidogo lakini ananyonya. Alhamisi bado amechoka. Ijumaa asubuhi homa imekwisha na anatabasamu. Huo ndio mwendo wa kawaida: homa huanza ndani ya siku moja na kwisha ndani ya siku mbili. Kivimbe kigumu kisichouma kinaweza kubaki pajani kwa wiki kadhaa, nacho huisha chenyewe.

Mtoto huyo mnyonyeshe mara kwa mara, mpunguzie nguo, na uweke kitambaa kibichi cha maji baridi pale palipovimba. Usikande kwa maji ya moto, usisugue, usipake dawa ya majani. Kama homa inamsumbua, parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 hutolewa mililita 2.5 kwa kilo 5, kila baada ya saa 6 au zaidi, isizidi mara 4 kwa siku. Soma chupa kwanza, maana zipo za matone zenye dawa kali zaidi, na kipimo hicho kwenye chupa hiyo kitamzidi mtoto. Usimpe kabla homa haijaanza ili kuizuia: utafiti uliofanywa Jamhuri ya Cheki na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto waliopewa hivyo walijenga kinga hafifu zaidi. Na mtoto wa wiki 6 akipata homa, apimwe na muuguzi kwanza, kwani katika umri huo maambukizi mazito huanza kimyakimya.

Kulia nako kuna saa zake. Mtoto anayelia kwa maumivu hunyamaza akibebwa au akinyonyeshwa. Wachache, chini ya mmoja kati ya 100, hulia mfululizo zaidi ya saa 3 bila kubembelezeka. Kwa kawaida hupita bila kuacha madhara, lakini mpeleke akaangaliwe, maana kilio cha namna hiyo huweza pia kuwa cha sikio au cha tumbo.

Sasa saa zinazotia wasiwasi. Vipele vya ghafla, midomo kuvimba au pumzi kukatika huja ndani ya dakika chache, mara chache baada ya saa moja. Ndiyo sababu muuguzi hukuambia usubiri benchini nusu saa: sindano ya adrenalini iko pale, si nyumbani. Mtoto akilegea, akapauka na asiitike, au akapata degedege, kimbia hospitali hata kama amezinduka njiani. Uvimbe uliovuka goti au nyonga uangaliwe kituoni; unaozidi kukua baada ya siku 3 ukiwa na moto na ulaini wa usaha ni jipu linalohitaji kutibiwa.

Na homa inayoanza siku ya tatu, au isiyokwisha baada ya siku mbili, usiibebeshe chanjo. Bujumbura ni mji wa malaria, na mbu hangoji chanjo ipite. Apimwe damu siku hiyo hiyo. Vilevile asiyenyonya kabisa, au anayetapika kila kitu, hasubiri saa yoyote.

Yote yaliyotokea, na saa yalipoanza, yaandikwe kwenye kadi ya mtoto. Siku ya dozi inayofuata mwonyeshe muuguzi kabla hajavuta dawa. Homa ya kawaida au paja lililovimba havizuii dozi hiyo. Kulegea, degedege au pumzi kukatika ni jambo la daktari kuamua kwanza.